Macho ya Paka Yana Mwaka Wake

Mdogo wangu wa Chitete, ujumbe wako nimeusoma mara mbili ili nisikujibu kwa pupa. Unasema hela ya ufuta imeingia, sendofu yako imebakiza miezi mitano, na kabla ya siku hiyo unataka mambo mawili yawe yamekamilika usoni mwako: midomo ijazwe, na macho yavutwe yawe ya paka. Midomo utajaziwa Tunduma, chumbani kwa rafiki yako, na mtu anayekuja na sindano zake mwenyewe. Macho utayafuata Dar es Salaam. Umeniuliza kitu kimoja tu, kianze kipi. Nakujibu hapa kwenye kona na si pembeni, kwa sababu wenzako wa Tunduma, Vwawa na Mlowo wananiuliza swali hilohilo, ila wao hawajafika hatua ya kupanga nauli.

Mimi ni mtu wa saluni. Nimeishi kwa kupendezesha watu, kwa hiyo usitegemee nikuambie kwamba kujipamba ni vibaya. Nataka tukae tuangalie umri wa hivyo vitu viwili unavyovitaka. Kila badiliko la usoni lina umri wa aina mbili. Upo muda ambao lenyewe litakaa mwilini, na upo muda ambao watu wataendelea kuliona zuri. Wanja wa asubuhi unakufa jioni ukinawa, hata mtindo wake ukipitwa kesho hujapoteza kitu. Taabu inaanza pale mwili unapobaki umebeba kitu ambacho macho ya watu yamekwisha kukichoka.

Tuanze na nyusi, ingawa hukuziuliza, kwa sababu ushahidi wake tunaishi nao nyumbani. Waangalie mama zetu wadogo na shangazi zetu waliokuwa wasichana miaka ya 1990. Mtindo wa siku zile ulikuwa nyusi nyembamba kabisa, zimepinda juu, umebaki mstari tu. Waliotinda kwa wembe nyusi zao zilirudi, maana wembe hukata unywele juu ya ngozi na kuuacha mzizi salama. Waliong'oa kwa kibanio au kwa uzi, wiki hadi wiki, mwaka hadi mwaka, wapo wengi ambao hazikurudi tena. Kijifuko kinachootesha unywele kikijeruhiwa mara nyingi mahali palepale, mwishowe hujifunga kwa kovu na hakioteshi kitu. Ilipofika miaka ya 2010 mtindo ukageuka, zikatakiwa nyusi nene, nao wakawa hawana cha kunenepesha. Ndipo tattoo ya nyusi ilipopata wateja kila mji, na Tunduma haikubaki nyuma.

Rangi ile ya tattoo nayo haikai kama ilivyochorwa. Rangi zenye chembe za chuma, baada ya mwaka mmoja au zaidi, huelekea wekundu wa kutu. Zenye kaboni huelekea ubluu wa kijivu. Nimewahudumia wateja waliokuja kuomba wachorwe juu ya mchoro wa zamani ili kuuficha, na kila safari mchoro unanenepa kidogo, unatoka nje ya mfupa wa nyusi, uso unaanza kuonekana wa mtu aliyeshtuka. Na sasa, tangu kama mwaka 2023, nyusi nyembamba zimeanza tena kuonekana kwenye picha za wanamitindo. Yaani aliyejichora nene kwa sababu ya mtindo uliopita anaonekana wa jana, na anayekimbilia kuzing'oa leo anarudia kosa la shangazi yake. Huo ni mzunguko mmoja tu, na ndani ya miaka thelathini umegeuka mara mbili.

Sasa midomo. Mtindo wa midomo iliyojazwa una historia fupi, na tarehe zake zinajulikana. Mei 2015 Kylie Jenner wa Marekani alikiri kwenye kipindi cha televisheni cha familia yao kwamba midomo yake ilikuwa imejazwa kwa sindano. Novemba mwaka huohuo akaanza kuuza rangi zake za midomo, na wasichana wa nchi nyingi wakaanza kutaka ule mdomo. Julai 2018 akatangaza kwamba ameiondoa fila yote. Hata kama baadaye aliirudia, angalia hesabu: kutoka kukiri hadi kutangaza ameiondoa ni miaka mitatu. Wewe una miaka 26. Unataka kuingia kwenye jambo ambalo aliyelipa umaarufu aliwahi kulichoka akiwa hajafika umri wako.

Fila inayotumika zaidi ni asidi ya hailuroniki, kitu cha utelezi ambacho hata mwili wenyewe hukitengeneza. Huja kwenye bomba la sindano la mililita 1, na kijiko cha chai unachokorogea sukari kina mililita 5, kwa hiyo ni kiasi kidogo sana. Mtoa huduma atakuambia inakaa miezi sita hadi mwaka. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Mdomo unapoanza kupungua machoni mwako, fila haijaisha ndani. Picha za MRI zimeonyesha watu wakiwa na fila usoni miaka miwili na zaidi baada ya sindano ya mwisho. Mteja anaona umepungua, anaongezwa juu ya ile iliyobaki, baada ya miezi tisa anaongezwa tena. Ukienda kwa mwendo huo kutoka sasa hadi ufikishe miaka 31, utakuwa umechomwa mara sita au saba, na ndani ya mdomo kuna mchanganyiko wa zamani na mpya ambao hakuna anayejua kiasi chake.

Mdomo una ukuta wake, ule mstari ambapo wekundu wa mdomo unakutana na ngozi ya kawaida. Fila ikizidi nafasi iliyopo ndani, au ikisukumwa na misuli ya kula na kuongea, huvuka mstari huo na kukaa juu yake, chini ya pua. Hapo unaona kivimbe kinachofanana na kivuli cha masharubu, na mstari wa mdomo unapotea. Hicho ndicho kinachomfanya mtu aonekane wa mwaka fulani. Midomo midogo, mipana, ya kila aina, ikijazwa kupita kiasi huishia kwenye umbo lilelile moja, na umbo hilo watu wameshaliona mpaka wamelizoea. Ukitaka kuutambua mdomo uliozidi, mwangalie mtu akicheka. Mdomo wa juu wa kawaida ukicheka hunyooka, hupungua unene, meno yanaonekana. Uliojazwa kupita kiasi haunyooki, unabaki umesimama, na meno yanajificha. Kisha mwangalie kwa upande, uone kama mdomo wa juu umetangulia ule wa chini.

Na hapa kuna jambo linalotuhusu sisi hasa. Vipimo vinavyozunguka mitandaoni, kwamba mdomo wa chini uwe mara moja na nusu na zaidi ya ule wa juu, vimetokana na nyuso za Wazungu. Kwa wengi wetu mdomo wa juu na wa chini karibu inalingana, na yote imejaa tangu kuzaliwa. Mdomo mwembamba ukiongezwa kidogo unapata mwili. Mdomo uliokwisha kujaa ukiongezwa hauna pa kwenda ila mbele, kwa hiyo hupinduka nje na kuvuta uso wote chini. Umenitumia picha yako ya pembeni, na nakuambia kama ningemwambia mdogo wangu wa tumbo moja: wewe una midomo ambayo watu wa mbali wanailipia.

Tena nchi yetu ilikuwa na mtindo wa midomo mkubwa kuliko huu, kabla ya simu na kabla ya fila. Wanawake wa Kimakonde, kule kusini mwa Tanzania na ng'ambo ya Ruvuma, walitoboa mdomo wa juu na kuvaa ndonya, kipande cha mti kilichoanza kidogo na kuongezwa ukubwa kadiri mwanamke alivyokua. Ukienda kuona vinyago vya mapiko, vile vinavyovaliwa kichwani kwenye ngoma, utaiona ndonya imechongwa pamoja na chale za usoni. Haikuwa mtindo wa miaka mitatu. Vizazi kwa vizazi ilikuwa heshima, utambulisho wa kabila zima, na bibi aliyeivaa alikuwa amekamilika mbele ya watu wake. Hata hivyo wakati ulibadilika, wasichana wakaacha, na bibi wakabaki na tundu la mdomo mbele ya wajukuu waliowashangaa. Kama jambo lililobebwa na jamii nzima kwa vizazi liliweza kumwacha mtu na alama ya wakati uliokwisha, jambo linalobebwa na simu litamwacha mapema zaidi. Naisema ndonya kwa heshima, kwa sababu waliovaa walijua wanafanya nini na kwa ajili ya nani.

Lipo jambo lingine kuhusu chumba cha rafiki yako Tunduma, nalo linazidi suala la mtindo. Mdomo una mishipa ya damu mingi. Fila ikiingia ndani ya mshipa au ikiubana, sehemu inayotegemea mshipa huo hukosa damu. Dalili zake ni maumivu makali yasiyopoa, ngozi kupauka, kisha madoa ya zambarau yaliyotawanyika mithili ya wavu. Kwenye ngozi yetu nyeusi kupauka hakuonekani upesi, kwa hiyo geuza mdomo uangalie upande wa ndani, ubonyeze kwa kidole na kuachia: rangi inatakiwa irudi ndani ya sekunde mbili au tatu. Ikichelewa, hiyo ni dharura ya saa, si ya siku. Dawa yake ni kimeng'enya kinachoitwa hailuronidezi, kinachoyeyusha asidi ya hailuroniki, na lazima anayechoma awe nacho palepale pamoja na ujuzi wa kukitumia. Mtu wa sindano za chumbani akishapanda gari na kurudi alikotoka, na wewe umesharudi Chitete, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Tunduma. Fikiria umeamka usiku na mdomo mweusi.

Tena hailuronidezi inayeyusha fila ya aina hiyo peke yake. Kama ndani ya bomba kuna silikoni, hakuna kinachoiyeyusha. Inakaa milele, na inaweza kutengeneza vivimbe vigumu miaka mingi baadaye, ambavyo huondolewa kwa kisu pamoja na nyama ya mdomo. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, zote ni ute unaong'aa. Ndiyo maana mtu anayekataa kukuonyesha boksi lililofungwa, lenye jina la bidhaa, namba ya toleo na tarehe ya kuisha, ameshakujibu. Fila ni kifaa tiba, iko chini ya TMDA, na anayechoma anatakiwa awe daktari ambaye jina lake lipo kwenye orodha ya Baraza la Madaktari Tanganyika. Mtaalamu halisi hakasiriki ukimuuliza.

Kwa hiyo midomo, mdogo wangu, jibu langu ni hapana kwa Tunduma, na hapana kabla ya sendofu popote pale. Mawazo hayo yakiwa bado yamekuganda baada ya harusi, nenda kwa daktari, uombe nusu ya bomba, yaani nusu mililita, kisha usubiri wiki mbili uvimbe uishe kabla hujahukumu. Mwambie asiguse nje ya mstari wa mdomo. Na usiongezewe mpaka ujilinganishe na picha ya kabla, iliyopigwa mahali pamoja na kwa mwanga uleule, kwa sababu jicho la mwenye mdomo huzoea ukubwa haraka kuliko jicho la mtu mwingine yeyote. Hilo la kuzoea ndilo linalowafikisha wengi mahali ambapo hawakukusudia kufika.

Macho ya paka nayo yana kisa chake. Mtindo huu ulishika kasi mwaka 2019 na 2020, kona ya nje ya jicho ikivutwa juu kuelekea kwenye panda la uso, na sura iliyonakiliwa sana ilikuwa ya mwanamitindo Bella Hadid. Watu walikwenda kushonwa nyuzi, wengine wakapasuliwa. Mwaka 2022 Bella Hadid aliliambia jarida la Vogue kwamba hajawahi kujaza fila, na kwamba ule mvuto wa uso anaupata kwa utepe unaobandikwa na kuvuta ngozi. Utepe, mdogo wangu, unaobanduliwa baada ya picha. Kama ndivyo alivyofanya, maelfu ya wasichana waliingiza mwilini kitu ambacho mwenyewe alikuwa anakivua kabla ya kulala.

Nyuzi wanazoshonea ni za aina ileile ambayo madaktari hushonea ndani ya mwili, zenye vimiba vya kushika ngozi. Zinaingizwa kutoka karibu na nywele hadi mwisho wa nyusi na kuvutwa. Mwili huziyeyusha kwa takriban miezi sita, na mvuto wenyewe wengi huuona umelegea kabla ya mwaka. Wakati huo ngozi inaweza kuwa na vishimo au mikunjo pale uzi unaposhika, na upande mmoja ukalegea kabla ya mwenzake. Kwa safari ya zaidi ya kilomita 900 kwenda na nyingine kurudi, unanunua miezi michache.

Upasuaji wa kona ya jicho wenyewe haulegei, na hapo ndipo ninapoogopa zaidi. Kona ya nje ya jicho ina mshipi mgumu unaozishika kope mbili kwenye mfupa. Daktari anaukata na kuushona mahali pa juu zaidi. Ukikaa vibaya, kope ya chini huvutika, weupe wa jicho unaonekana chini ya mboni, machozi hayasambai vizuri, jicho linakauka na kuwasha kila upepo ukipiga. Wewe unayeishi kando ya barabara ya vumbi unajua maana yake. Kurudisha mshipi ule mahali pake ni kazi ngumu kuliko kuutoa. Upasuaji huu una kazi yake ya heshima, kwa mtu ambaye kope imelegea kwa uzee, ajali au ugonjwa na jicho halifungi. Kumpasulia kijana wa miaka 26 jicho linalofanya kazi vizuri, kwa ajili ya umbo la jicho la mwaka 2020, mimi siwezi kulishauri.

Rafiki yako amekupa njia ya tatu, wanja wa kudumu wenye mkia wa paka, uchorwe kwa mashine. Usikubali hata kwa bure. Ngozi ya kope ndiyo nyembamba kuliko zote mwilini, haifiki hata milimita moja, na rangi ikizama kidogo tu kupita kiasi husambaa pembeni na kuacha ukungu wa bluu. Hata ikichorwa kwa ustadi, mkia ule umewekwa juu ya ngozi ya sasa. Ukifika miaka ya arobaini ngozi ya kope ya juu hushuka kidogo na pembeni hutokea mistari ya kucheka. Mkia ulionyooka leo utakuwa umevunjika katikati, nusu umefunikwa na nusu umening'inia. Kuufuta kwa miale ya leza karibu na jicho kunataka vifaa maalumu vya kulinda mboni, na kwenye ngozi nyeusi leza inaweza kuacha doa jeupe au jeusi zaidi. Zipo rangi za kahawia na za ngozi ambazo leza ikizipiga, badala ya kufifia zinageuka nyeusi. Halafu angalia kovu la chanjo ya kifua kikuu begani mwako, na matundu ya masikio. Kama palivimba na kukua kupita jeraha lenyewe, mwili wako unatoa makovu ya kuvimba, basi chochote cha kuchoma au kukata usoni kifikirie upya.

Sasa linganisha hayo na wanja wenyewe, huu wa kupaka. Wanawake wa pwani yetu, Lamu, Mombasa, Unguja, wamepaka wanja kwa karne nyingi, mrefu na mfupi, mzito na mwepesi, na hakuna anayemwangalia bibi wa Unguja na kusema macho yake yamepitwa na wakati. Hina ni hivyohivyo, inakaa wiki moja hadi tatu na kuondoka na ngozi. Watu wale walikuwa na mapambo makali kuliko yetu, yenye rangi na michoro, lakini waliyaweka mahali panaponawika. Macho ya paka ya wanja ninayapenda mno. Ukiyataka ya kutisha kabisa kwa sendofu, yafanye. Yatakuwa ya usiku ule, na picha zako zitakuwa na furaha ya usiku ule, kisha utanawa.

Umebakiwa na miezi mitano, na hiyo ndiyo mali yako kubwa, kwa hiyo tuitumie kwa mambo yasiyo na mwaka. La kwanza ni nyusi, kwa sababu naona kwenye picha umezing'oa kuanzia ndani. Unywele wa nyusi ukiachwa huchukua kama miezi minne kujaa. Kuanzia leo usiguse chochote juu wala katikati. Ondoa tu vile vinavyotawanyika chini kabisa karibu na kope, tena kwa wembe. Mwezi wa kwanza na wa pili zitakuwa vurugu, vumilia, na penye uwazi jaza kwa penseli. Mwezi wa nne chukua penseli ndefu uiweke wima kutoka pembeni mwa pua: inapokutana na nyusi ndipo zinapoanzia. Ielekeze kutoka pembeni mwa pua kupita kona ya nje ya jicho: hapo ndipo zinapoishia. Ukiangalia mbele, upinde wa juu uangukie nje kidogo ya mboni, pale mfupa wako ulipopinda wenyewe. Mtindo huo wa kufuata mfupa ndio ambao ukiangalia picha za mama zetu za miaka ya 1960 na za 1980 unaukuta haujachakaa, hata kama nywele na magauni yanachekesha.

La pili ni meno. Nenda hospitali kwa daktari wa meno uondolewe ule ugaga uliojishika kwenye fizi, na kama kuna jino lililotoboka lizibwe. Uso unaocheka bila kuficha mdomo kwa kiganja hubadilika kuliko unavyobadilishwa na sindano. Mwanya wako usiuzibe. Naona wasichana wanauziba kwa sababu wanaowafuata mitandaoni hawana, na wengine wanautengeneza kwa kuchonga jino zima, jambo ambalo ni baya zaidi maana jino halioti tena. Mwanya umesifiwa kwetu tangu enzi za bibi zetu, na wa kwako umezaliwa nao.

Midomo yenyewe inataka mafuta mazito kila usiku, na usiilambe mchana, maana mate yakikauka hukausha mdomo na kuufanya mweusi pembeni. Krimu za kuifanya midomo kuwa ya pinki ziache dukani. Baadhi zina haidrokwinoni au zebaki, na zote mbili zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini; TBS ndiyo inayosimamia vipodozi tangu mwaka 2019. Siku ya sendofu mpe mpambaji kazi ya kuchora mstari wa mdomo kwa penseli ya kahawia iliyokolea kidogo kuliko ngozi yako, ndani ya ukuta wa mdomo na si nje, kisha katikati aweke rangi nyepesi yenye mng'ao. Mdomo utajaa kwenye picha bila kuongezwa kitu.

Na wanja uchague mapema, usingoje wiki ya mwisho. Ule wa unga unaouzwa sokoni kwenye vichupa visivyo na jina, baadhi yake una risasi, kwa hiyo nunua ulioandikwa mtengenezaji na viambato. Jaribu nyuma ya sikio siku mbili kabla ya kuuweka machoni, umwite na mpambaji wako mje mfanye jaribio moja mwezi mmoja kabla, upigwe picha kwa mwanga wa mchana na kwa taa za ukumbini, ili mkia wa paka muupime kwa jicho lako wewe: ukikaa umetulia na ukicheka. Picha za nyusi za mwezi wa nne nitumie, nitakuambia pa kupunguza.